Serveri iko Hong Kong, karte inasema Shelisheli: kwa nini nimero za internete zinaonyesha inchi yenye haiko yao

Tuchukue mufano wa mufanya-biashara mumoja wa Bukavu mwenye kuagiza bidhaa Guangzhou, kule China. Anataka tovuti yake ifunguke upesi kwa wauzaji wa kule, basi anakodisha serveri kwa kompanyi moja yenye kumuambia: mashine yako iko Hong Kong. Kisha kulipa, fundi wake anapima. Anaandika nimero ya serveri kwenye tovuti ya kuonyesha mahali, na karte inaweka alama katikati ya Bahari ya Hindi, kwenye visiwa vya Shelisheli. Tovuti ya pili inasema Afrika ya Kusini. Ya tatu ndiyo inasema Hong Kong.

Mufanya-biashara anawaza kama wamemuibia. Tena kuko matatizo ya feza: ukurasa wa malipo wenye anatumia kupitia ile serveri unaanza kukataa, kwa sababu kadi yake ni ya inchi moja na nimero ya mashine inaonekana ya inchi ingine. Watu wa usalama wa benki wanapenda kusimamisha malipo ya namna hiyo bila kuuliza mingi. Nani anasema uongo hapa: kompanyi, ao karte?

Ili kujibu, inafaa kwanza kujua kwamba nimero ya internete (ile watu wanaita adrese IP) haina mahali ndani yake. Nimero ya simu yenye kuanza na +243 inatuambia Kongo, kwa sababu inchi zilikubaliana vile. Nimero ya internete haikupangwa na inchi. Inapewa kompanyi, na kompanyi inaiweka kwenye mashine yoyote, popote inataka. Leo mashine ya Goma inaweza kuibeba, kesho mashine ya Paris, bila hata tarakimu moja kubadilika.

Kuko ofisi tano tu duniani zenye kugawa hizi nimero. Ya Afrika inaitwa AFRINIC, na makao yake ni Ebène, katika inchi ya Morisi. Ya Ulaya na sehemu ya Mashariki ya Kati ni RIPE NCC, kule Amsterdam. Kila ofisi inaweka daftari ya wazi yenye mutu yeyote anaweza kusoma: nimero kutoka hapa mupaka hapa ni za kompanyi fulani. Na ndani ya ile daftari kuko musitari mumoja wenye kuandikwa `country`, na herufi mbili za inchi: `CD` kwa Kongo yetu, `RW` kwa Rwanda, `SC` kwa Shelisheli.

Ule musitari ndio mama ya makosa mengi. Watu wanausoma kama unasema mashine iko wapi. Lakini hakuna kanuni yenye inasema vile, na RIPE NCC yenyewe inaeleza kwamba haikupangwa kamwe kama musitari unamaanisha makao ya kompanyi, ao mahali pa mashine, ao mahali pa watu wenye kutumia. Mara nyingi ni inchi yenye kompanyi iliandikishwa, basi. Ni sawa na gari lenye plaki ya Lubumbashi: plaki inakuambia liliandikwa wapi, haikuambie usiku huu limelala kwenye parselle ya nani.

Sasa turudie Shelisheli. Visiwa vile havifike hata wakaaji 150,000. Lakini katika daftari ya AFRINIC, zaidi ya nimero milioni 6 zimeandikwa `SC`. Sehemu kubwa ilitoka kwa kompanyi moja, Cloud Innovation, yenye kuandikishwa Shelisheli, na AFRINIC iliipatia hizo nimero kati ya mwaka 2013 na 2016. Kompanyi inazikodisha kwa wengine, na wateja wengi wako mbali na Afrika, zaidi sana Asia. Ndiyo maana serveri ya kweli kabisa ya Hong Kong inaweza kubeba nimero yenye kuzaliwa katika ofisi ya Afrika, na jina la kisiwa juu yake.

Kwa nini mutu wa Hong Kong akodishe nimero za Afrika? Kwa sababu zimekuwa haba. Namna ya zamani ya nimero, yenye bado inatumiwa zaidi, ina nimero karibu milioni elfu 4 na milioni 300 kwa dunia yote. Akiba kubwa ya dunia iliisha mwezi wa pili 2011. RIPE NCC ilimaliza zake mwezi wa kumi na moja 2019. Afrika ndiyo ilibaki na zingine, kwa hiyo zikawa mali. Mwaka 2021, AFRINIC ilisema matumizi ya Cloud Innovation hayapatane na makubaliano na ikataka kurudisha nimero. Kompanyi ilikataa, ikasema hakuna kanuni yenye inakataza kuzitumia inje ya Afrika, na ikaenda mahakamani kule Morisi. Mwaka uleule mahakama ilifunga kwa muda akaunti za benki za AFRINIC. Kesi zilifuatana miaka mingi, na ni hadithi ndefu yenye inastahili habari yake yenyewe. Kwa fundi wetu wa Bukavu, jambo la kushika ni dogo: `SC` katika daftari inamaanisha ofisi ya mwenye nimero. Mashine inaweza kuwa upande mwingine wa dunia.

Tovuti za karte hazisome tu daftari za zile ofisi tano. Zinanunua ao zinachukua bure daftari ingine, yenye kutengenezwa na kompanyi za biashara. MaxMind ya Amerika ndiyo inajulikana zaidi. Hizi kompanyi zinaanza na daftari ya ofisi, kisha zinaongeza alama zingine: majina ya mashine za njiani, muda wenye jibu linachukua, inchi yenye wateja wanaandika wakinunua kitu, habari ya mahali yenye kutoka kwenye simu, na masahihisho yenye watu wanatuma. Kutoka humo wanapata jibu moja. Ni makisio mazuri mara nyingi kwa inchi, dhaifu zaidi kwa muji. Na kila kompanyi inakisia kwa namna yake, ndiyo sababu tovuti tatu zilimupa fundi wetu majibu tatu.

Hatari inakuja pale makisio yanachorwa kama pointi. Mufano mubaya zaidi unajulikana tangu mwaka 2016, wakati muandishi wa habari Kashmir Hill aliuandika. MaxMind ilikuwa na nimero nyingi zenye ilijua tu kwamba ni za Amerika, bila kujua muji. Programu inataka pointi, basi wakachagua pointi karibu na katikati ya inchi na wakaikata ili iwe rahisi: `38.0000,-97.0000`. Hesabu ile inaangukia kwenye shamba moja katika jimbo la Kansas. Zaidi ya nimero milioni 600 zikawa na ile adrese.

Watu wenye kuishi pale hawakujua kitu. Kwa miaka walipokea polisi, wapelelezi wa serkali kuu, magari ya wagonjwa yenye kutafuta mutu mwenye alitaka kujiua, watu wenye hasira wakitafuta mwizi wa akaunti yao. Kila mumoja alikuwa ameandika nimero kwenye karte na karte ilimuleta kwenye mulango wao. Kisha habari kutokea, MaxMind ilihamisha pointi na kuiweka katikati ya maji ya ziwa. Familia iliishitaki kompanyi mwaka uleule.

Ukiangalia vizuri, daftari ya MaxMind inaandika pembeni ya pointi eneo la mashaka, kwa kilometre. Mara ingine ni 5, mara ingine ni mamia. Inasema: mashine iko mahali fulani ndani ya muviringo huu. Lakini tovuti nyingi za karte zinaacha muviringo na zinaonyesha pointi tu, juu ya nyumba ya mutu. Mimi naona ile ndiyo kosa kubwa kuliko makisio yenyewe.

Hapa kwetu hili jambo haliko la mchezo. Katika Kivu, swali la kujua mutu anaandika kutoka ngambo gani ya mupaka linaweza kumuletea hatari. Goma na Gisenyi zinashikana; kutoka nyumba moja mupaka ingine ni hatua. Daftari yenye kukosea kilometre 50 inaweza kukuweka katika inchi ingine. Simu yenye kushika laini ya ngambo, hata wewe ukiwa kitandani mwako Goma, inatoka na nimero ya kompanyi ya Rwanda. Kinyume, mutandao wenye kukusanya wateja wake wote kwenye mulango mumoja Kinshasa unaweza kumuonyesha mutu wa Uvira kama mukaaji wa Gombe. Tena kwenye mitandao ya simu, wateja wengi sana wanatoka inje kwa nimero moja wakati uleule. Kwa hiyo picha yenye kuzunguka kwenye WhatsApp, yenye kuonyesha karte na kusema "angalieni, huyu anaandika kutoka Kigali", ao "huyu hayuko hata Kongo", haina uzito wenye watu wanaipatia. Haionyeshe nyumba, wala muji, na karibu na mupaka haionyeshe hata inchi kwa uhakika.

Basi namna gani kujua serveri iko wapi? Kuko kipimo kimoja chenye hakihitaji kuamini daftari ya mutu yeyote: muda wa jibu. Habari inapita ndani ya waya za nuru kwa mwendo wa karibu kilometre 200,000 kwa sekonde. Hakuna kompanyi yenye inaweza kuipitisha zaidi ya pale, hata ikiwa na feza namna gani. Katika milisekonde moja, ni kilometre 200. Lakini swali linaenda na jibu linarudi, kwa hiyo milisekonde moja ya kwenda na kurudi inamaanisha umbali wa kilometre 100, haiwezi kuzidi.

Amri ya kupima, `ping`, ni ya zamani na iko karibu kwenye kila ordinatere. Nimero hii ni ya mifano tu; weka yako pahali pake.

```
whois 203.0.113.10
ping 203.0.113.10
```

Ya kwanza inasoma daftari ya ofisi. Ya pili inatuma swali na kuhesabu milisekonde. Kupima kutoka Bukavu peke yake hakusaidie sana, kwa sababu kutoka kwetu karibu kila kitu ni mbali. Inafaa kupima kutoka miji mingi. Tovuti ya Globalping inakuachilia ufanye vile bure: unachagua Hong Kong, Singapore, Nairobi, Johannesburg, Amsterdam, na mashine za kule zinatuma swali kwa niaba yako. RIPE Atlas ya RIPE NCC inafanya kazi ileile, na vifaa vidogo maelfu ndani ya manyumba na maofisi ya dunia.

Tuseme fundi wetu anapata hivi: kutoka Hong Kong jibu linarudi kisha milisekonde 1, kutoka Singapore 35, kutoka Johannesburg na Nairobi zaidi ya 200. Milisekonde 1 kutoka Hong Kong inamaanisha serveri haiwezi kuwa mbali na kilometre 100 na mashine ya kupima. Shelisheli iko zaidi ya kilometre 6,000. Jibu kutoka kule lingehitaji angalau milisekonde 60. Basi Shelisheli imekufa, Afrika ya Kusini pia. Kompanyi ilisema kweli, karte ndiyo ilikosea, na mufanya-biashara anaweza kuacha kutafuta feza zake.

Lakini kipimo kilekile kinaweza kugeuka upande mwingine. Mufano wa pili: kompanyi ya VPN inauzia watu "serveri ya Kinshasa". Unaweka nimero kwenye karte: bendera ya Kongo, Kinshasa, kila kitu sawa, tovuti zote tatu zinapatana. Unapima kutoka Amsterdam na jibu linarudi kisha milisekonde 2. Frankfurt, milisekonde 8. Kutoka Amsterdam mupaka Kinshasa ni zaidi ya kilometre 6,000, kwa hiyo jibu la milisekonde 2 haliwezekane. Ile serveri ya "Kinshasa" iko Uholanzi ao karibu sana na pale.

Huo mufano wa pili haukutoka hewani. Mwaka 2018, watafuta-elimu wa Amerika walipima serveri 2,269 za kompanyi saba za VPN kwa njia hiyo ya muda. Walipata kwamba angalau moja juu ya tatu haikuwa katika inchi yenye kompanyi ilitangaza, na sehemu ingine ya moja juu ya tatu hawakuweza kuihakikisha. Serveri nyingi zilikuwa zimekusanywa katika inchi zenye kukodisha mashine ni rahisi na kwenye umeme haukatike. Leo kompanyi zingine zinasema wazi kwamba serveri fulani ni ya jina tu, zingine zinanyamaza.

Namna gani daftari zinakubali uongo wa namna hiyo? Hapa kuko jambo lenye kushangaza kidogo. Ili kurekebisha makosa kama ya Shelisheli, wajenzi wa internete walitengeneza karatasi ya kujitangaza, yenye kuitwa `geofeed`. Kanuni yake, RFC 8805, ilitoka mwaka 2020. Ni faili ya maandishi tu. Mwenye nimero anaandika musitari mumoja kwa kila fungu:

```
203.0.113.0/24,CD,CD-NK,Goma,
```

Maana yake: hizi nimero 256, inchi ni Kongo, jimbo ni Kivu Kaskazini, muji ni Goma. Anaweka faili kwenye tovuti yake, na katika daftari ya AFRINIC ao RIPE NCC anaandika mahali faili iko, ili kompanyi za daftari ziipate. Ni mulango muzuri. Lakini mulango uleule wenye kuingiza masahihisho unaingiza pia uongo: mwenye serveri ya Amsterdam anaweza kuandika Kinshasa, na kama kompanyi ya daftari haipime muda, itaandika Kinshasa. Faili inasema tu kile mwenye nimero anataka dunia iamini.

Kipimo cha muda kina mipaka yake, na inafaa kuijua mbele ya kumushitaki mutu. Jibu la upesi ni ushahidi; jibu la polepole haliko ushahidi. Ukipata milisekonde 250 kutoka Goma kwenda serveri ya Nairobi, haimaanishe serveri haiko Nairobi. Pengine habari yako ilizunguka Ulaya mbele ya kurudi Afrika, jambo lenye linatokea mara nyingi wakati kompanyi mbili za Afrika hazikuungana. Pengine laini ilijaa. Serveri zingine zinakataa kabisa kujibu `ping`. Na kuko nimero zenye ziko mahali pengi wakati uleule: `1.1.1.1`, yenye mafundi wengi wanaitumia, daftari zingine zinaiweka Australia, lakini ukiipima inajibu upesi kutoka miji mingi ya mabara mbalimbali, kwa sababu mashine nyingi duniani zinabeba ile nimero moja. Ukiona majibu ya milisekonde 2 kutoka Amsterdam na tena 2 kutoka Johannesburg, usitafute uongo. Ni nimero ya namna hiyo.

Kwa mufanya-biashara wetu, karte yenye kukosea haimuumize mpaka ukurasa wa malipo uisome. Kwanza fundi aombe kompanyi ya serveri, kwa barua, ikubali makosa na itengeneze `geofeed` yake, kwa sababu daftari zinasikiliza mwenye nimero kuliko mukodishaji. Yeye mwenyewe anaweza pia kujaza fomu ya masahihisho ya MaxMind na ya daftari zingine zenye zilikosea. Kila moja ina fomu yake, na kusahihisha moja hakusahihishe zingine. Katika barua, aweke majibu ya kipimo: tarehe, muji wa kupima, milisekonde. Maneno "karte yenu ni mubaya" hayasaidie mutu wa kupokea. "Milisekonde 1 kutoka Hong Kong" inamusaidia.

Kisha angoje. MaxMind inabadilisha daftari yake mara kwa mara, lakini benki yenye ilichukua nakala miezi sita iliyopita na haikuifanya upya itaendelea kuona Shelisheli, na hakuna fomu ya kuirekebisha kutoka inje. Pale inabaki kuomba kompanyi ya serveri ikupe nimero ingine, ya fungu lenye daftari zote zinapatana juu yake. Ombi hilo ni la kawaida. Lakini pima ile nimero mupya siku ileile unaipokea, mbele ya kuhamisha tovuti juu yake.